Pesa Zimetumwa Afrika Mashariki, na Aliyezituma Si Wewe

Wizi wa kadi unatukuta sote, lakini kuna aina moja inayowasumbua zaidi watu wetu hapa Marekani, kwa sababu benki huangalia muamala na kuona kitu kinachofanana na maisha yetu. Mwizi anapata namba za kadi yako ya debiti, anafungua akaunti katika programu ya kutuma pesa, kisha anatuma dola mia kadhaa kwenye pochi ya simu ya mtu huko Kenya, Uganda au Kongo. Ndani ya dakika chache pesa zimefika na zimetolewa kwa wakala. Unapolalamika, kitengo cha udanganyifu kinafungua historia yako na kukuta kwamba kila mwisho wa mwezi unatuma pesa nyumbani. Jibu linakuja kwa sentensi mbili: muamala unalingana na matumizi yako ya kawaida, madai yamekataliwa.

Sheria ya shirikisho iko upande wa mteja zaidi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Inaitwa Sheria ya Uhamishaji wa Fedha kwa Elektroniki, ya mwaka 1978, na kanuni inayoitekeleza hujulikana kama Kanuni E. Inasema kwamba benki ikidai uliuidhinisha muamala, ni kazi ya benki kuthibitisha, si kazi yako kuthibitisha kwamba hukuuidhinisha. Barua nzuri ya kudai inaandikwa ili kuikumbusha benki mzigo huo ni wa nani, na kuinyima nafasi ya kujibu kwa jumla jumla.

Tuchukue mfano wa mama anayehudumia wazee zamu ya usiku. Jumamosi tarehe 7 Machi, akitoka kazini, anafungua simu na kukuta makato matatu ya usiku wa Ijumaa: dola 299, dola 299 na dola 185, yote kwa kampuni moja ya kutuma pesa ambayo hajawahi kuitumia. Jumla dola 783. Kadi yake iko mkobani.

Jambo la kwanza ni simu kwa namba iliyo nyuma ya kadi, siku hiyo hiyo. Kadi ikipotea au ikiibwa na ukatoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ujue, hasara yako haiwezi kuzidi dola 50. Ukichelewa inaweza kupanda hadi dola 500. Na ukiacha siku 60 zipite tangu benki ikutumie taarifa ya akaunti inayoonyesha wizi huo, makato yatakayofuata baada ya hapo yanaweza kukuangukia wewe yote. Kampuni kubwa za kadi zina ahadi zao za kutomtoza mteja chochote, lakini ahadi hizo zina masharti. Shikilia sheria kwanza.

Katika simu hiyo mama yetu anaomba kadi ifungwe, anaandika namba ya dai, jina la kwanza la aliyemhudumia na saa waliyozungumza. Halafu anauliza swali ambalo wengi hulisahau: je, mnataka nithibitishe kwa maandishi, na kwa anwani gani? Benki ina haki ya kutaka uthibitisho wa maandishi ndani ya siku 10 za kazi baada ya simu. Usipoupeleka, bado inapaswa kuchunguza, lakini haitalazimika kukuwekea marejesho ya muda wakati uchunguzi ukiendelea. Kwa mtu anayesubiri kulipa kodi ya nyumba, hapo ndipo barua inapogeuka kuwa pesa.

Barua itakwenda kwa Kiingereza, lakini nashauri uiandike kwanza kwa Kiswahili, uisome kwa sauti, ndipo mtoto au jirani akusaidie kuigeuza. Wengi wakianza moja kwa moja kwa Kiingereza huishia kulalamika kuhusu usumbufu na machozi, na tarehe za makato hazimo. Ya mama huyu ingesomeka hivi:

“Kwa Kitengo cha Udanganyifu. Natoa taarifa ya makosa katika akaunti yangu ya hundi inayoishia na tarakimu hizi nne, dai namba fulani, nililolifungua kwa simu tarehe 7 Machi. Makato matatu yafuatayo ya tarehe 6 Machi, dola 299, dola 299 na dola 185, kwa kampuni iliyotajwa kwenye taarifa ya akaunti, sikuyafanya wala sikumruhusu mtu yeyote kuyafanya, na sikunufaika nayo. Kadi yangu ilikuwa mikononi mwangu. Sina akaunti katika kampuni hiyo na simjui mpokeaji. Ni kweli kwamba hutuma pesa kwa familia yangu; naambatisha risiti za miezi sita zinazoonyesha kampuni ninayotumia, siku ninazotuma na wapokeaji wangu. Makato haya hayalingani nazo. Naomba uchunguzi chini ya Kanuni E na marejesho ya muda kama kanuni inavyotaka. Mkiamua kwamba niliidhinisha, naomba maelezo ya maandishi na nakala za nyaraka zote mlizozitegemea.”

Angalia sentensi inayokiri kwamba hutuma pesa nyumbani. Watu huogopa kuiandika, wakidhani inaipa benki silaha. Benki tayari inayo silaha hiyo, iko kwenye kompyuta yake. Ukiitaja mwenyewe na kuweka risiti mezani, unageuza historia yako kuwa ushahidi wako: wewe hutuma dola 150 tarehe 1 kwa mdogo wako kupitia kampuni ile, na mwizi ametuma mara tatu usiku mmoja kupitia kampuni nyingine kwa mtu usiyemjua. Mchunguzi anayesoma mafaili kwa harakaharaka analiona hilo bila kutafuta.

Ukurasa mmoja unatosha. Usiandike namba nzima ya kadi wala namba ya siri. Ipeleke kwa posta kwa njia ya kusajiliwa, yenye hati inayorudi kuthibitisha imepokelewa, na kaa na nakala. Kisheria taarifa ya maandishi huhesabiwa imetolewa siku ulipoiposti, kwa hiyo risiti ya posta ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana.

Baada ya hapo hesabu siku. Benki ina siku 10 za kazi kumaliza uchunguzi. Kwa mama huyu zinaishia Ijumaa tarehe 20 Machi. Ikihitaji muda zaidi, lazima iweke marejesho ya muda kwenye akaunti, ingawa inaweza kuzuia hadi dola 50, na kwa makato ya kadi ya debiti kama haya muda huongezwa hadi siku 90 tangu taarifa, yaani 5 Juni. Kwa akaunti ambayo haijatimiza siku 30 tangu pesa za kwanza kuingia, zile siku 10 huwa 20. Wengine huambiwa wapeleke kwanza ripoti ya polisi, au wakazungumze na kampuni iliyopokea pesa. Ripoti ya polisi ni nyongeza nzuri ukiwa nayo, lakini benki haitakiwi kuifanya sharti la kuanza uchunguzi, wala kukusukuma kwa mfanyabiashara kwanza. Na marejesho ya muda ni ya muda kweli: usiyahesabu kuwa yako mpaka barua ya mwisho ije.

Sasa yale tusiyopenda kuyasema. Ikiwa uliwahi kumpa mpwa wako kadi akanunue mafuta, na safari hii akaitumia kwa mambo yake, sheria huyahesabu matumizi hayo kuwa yameidhinishwa, mpaka siku utakapoiarifu benki kwamba huyo hana ruhusa tena. Akiichukua bila wewe kumpa, huo ni wizi, lakini jiandae kuulizwa jina lake. Usiandike “simjui” huku unamjua. Benki nyingi hukusainisha tamko la kiapo, na kwa wenzetu ambao makaratasi yao ya uhamiaji bado yanasubiri, kiapo cha uongo ni hatari kubwa kuliko dola 783.

Kuna aibu nyingine inayofanya watu wanyamaze: tapeli alipiga akijifanya wa benki, nawe ukamsomea tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu. Wengi huambiwa kosa ni lao na wanakubali. Ofisi ya shirikisho ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, imeeleza kwamba ukidanganywa ukatoa taarifa hizo, kisha tapeli mwenyewe akafanya uhamishaji, bado huo ni uhamishaji usioidhinishwa. Maelezo rasmi ya Kanuni E yanafika mbali zaidi: hata mtu aliyeandika namba ya siri juu ya kadi yake hawezi kuongezewa hasara kwa sababu ya uzembe huo. Kwa hiyo andika ukweli, kwamba ulipigiwa, ulidanganywa, ukasoma tarakimu, na aliyehamisha pesa ni yeye. Hali hubadilika kama ulidanganywa ukabonyeza kutuma kwa kidole chako mwenyewe, kwa Zelle au kwa njia nyingine. Hapo kwa kawaida Kanuni E haikusaidii, na barua itakuwa ya kuomba, si ya kudai.

Na pesa zikiibwa kwenye pochi yako ya simu iliyoko nyumbani, tuseme laini yako ya Tanzania ilisajiliwa upya na mtu mwingine, Kanuni E haivuki bahari. Hiyo ni barua kwa kampuni ya simu ya huko, yenye namba ya muamala kutoka kwenye ujumbe, saa laini ilipokata mtandao na ombi la kumbukumbu za nani aliibadilisha na katika duka gani. Wasipokuridhisha, Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko.

Tukirudi kwa mama yetu: benki ikikataa, inapaswa kumweleza kwa maandishi matokeo ya uchunguzi na kumjulisha haki yake ya kuomba nyaraka. Aziombe. Mara nyingi zinazokuja ni kurasa chache zenye jina la akaunti iliyofunguliwa, baruapepe, aina ya simu iliyotumika na pochi iliyopokea. Baruapepe isiyo yake, au simu asiyomiliki, inatosha kuandikia barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, ikinukuu ukurasa husika na kuuliza benki imethibitishaje kwamba ni yeye. Nakala ya barua hiyo aiambatishe kwenye malalamiko kwa CFPB, ambayo huyapeleka kwa benki ili yajibiwe. Akitaka kwenda mahakamani chini ya sheria hii, ana mwaka 1 tu tangu ukiukaji ulipotokea. Wanasheria wa msaada wa kisheria katika kaunti nyingi huzipokea kesi hizi bila malipo kwa wenye kipato kidogo. Wapelekee barua zote mbili, risiti za posta na ile barua ya kukataliwa, usiitupe hata kama imekuudhi.