Kamongo ni Ndugu wa Ng'ombe

Wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria wanawafahamu vizuri viumbe hawa watatu: sangara, kamongo na ng'ombe. Ni wawili gani kati yao walio ndugu wa karibu zaidi? Mchuuzi wa samaki atakushangaa kwa kuuliza. Sangara na kamongo wana magamba na mapezi, wote huvuliwa ziwani na kuishia kikaangoni. Ng'ombe yuko malishoni. Wanaochunguza nasaba za viumbe, hata hivyo, watakujibu kwamba ndugu ni kamongo na ng'ombe.

Msingi wa jibu hilo uliwekwa na Mjerumani Willi Hennig, mtaalamu wa wadudu, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1950. Alisisitiza kwamba kufanana peke yake hakuthibitishi udugu wa karibu. Magamba na mapezi ni mali ya kale, ambayo babu wa wote watatu alikuwa nayo. Sangara na kamongo wameitunza, ukoo wa ng'ombe ukaipoteza. Babu akiwaachia wajukuu watatu shamba, wawili wakalilima na mmoja akauza sehemu yake, hilo halionyeshi kwamba wale wawili ni tumbo moja. Kinachohesabika ni sifa mpya: ile ambayo babu wa wote hakuwa nayo, ikazuka baadaye kwa mzazi wa wawili tu, nao wakairithi.

Sasa utajuaje ipi ni mpya na ipi ni ya kale? Unamtazama mnyama aliye nje ya kundi, hapa tumchukue papa. Pezi la kifuani la papa limeshikana na bega kwa vipande kadhaa vya gegedu, na la sangara kwa vifupa kadhaa. Pezi la kamongo ni jembamba kama uzi, halifanani na mguu hata kidogo, lakini shinani pake limeungana na bega kwa mfupa mmoja. Mguu wa mbele wa ng'ombe uko vivyo hivyo, na mkono wako pia. Kwa kuwa papa wa nje na sangara wa ndani wote wana vipande vingi, hiyo ndiyo hali ya kale. Mfupa mmoja ndio sifa mpya.

Moyo unatoa ushahidi uleule. Sehemu ya juu ya moyo wa sangara, inayopokea damu, ni chumba kimoja. Kwa kamongo chumba hicho kimegawanywa na ukuta usiokamilika, na damu inayotoka mapafuni huingia upande wa kushoto. Kwa ng'ombe ukuta umekamilika.

Nimetaja mapafu, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Kamongo anavuta hewa, ng'ombe anavuta hewa. Si huo ndio ushahidi mkubwa kuliko yote? Hapana. Bondo la sangara, lile linalokaushwa na kuuzwa kwa bei nono, kwa asili lilikuwa pafu. Babu wa wote watatu alikuwa na mapafu, ila ukoo wa sangara ukayageuza kuwa mfuko wa kuelea. Naye kambare, anayeweza kuvuta hewa kwenye tope, anatumia kiungo kilichochipuka kutoka kwenye mifupa ya matamvua yake. Kazi ni moja, umbo na chimbuko ni tofauti. Kambare alijitafutia njia yake mwenyewe. Ndiyo maana sifa moja haitoshi, hupimwa pamoja na nyingine.

Ukichukua karatasi, mchoro wenyewe, yaani kladogramu, ni mwepisi. Chora shina, litoe tawi la papa. Linaloendelea litoe tawi la sangara, kisha ligawanyike mara ya mwisho kuwa kamongo na ng'ombe. Kabla tu ya mgawanyiko huo wa mwisho weka alama: mfupa mmoja wa bega. Panda au mama wa mgawanyiko ule si kamongo. Ni mzazi wa pamoja aliyeishi zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Ng'ombe hakutokana na kamongo wa leo, kama vile wewe hukuzaliwa na binamu yako.

Mpangilio wa ncha nao haumaanishi kitu. Zungusha panda ya mwisho, ng'ombe aje katikati karibu na sangara na kamongo aende pembeni: udugu ni uleule. Soma panda, usisome majirani.

Mchoro huo unaleta usumbufu mmoja kwenye lugha yetu. Jaribu kuizungushia duara familia nzima ya samaki, yaani mzazi mmoja na wazao wake wote. Ukiwaingiza papa, sangara na kamongo, huwezi kumwacha ng'ombe nje bila kukata tawi, wala mchuuzi aliyekushangaa kule sokoni.