Balbu Mbovu Katika Sampuli

Mgawanyo wa binomia huonyesha uwezekano wa kupata idadi fulani ya vitu vibovu katika sampuli. Tuseme kiwandani balbu 5 katika kila 100 hutoka mbovu, na mkaguzi anachukua 10 bila kuchagua kutoka shehena kubwa. Kila balbu ina uwezekano wa 0.95 wa kuwa nzima, hivyo uwezekano wa zote kuwa nzima ni 0.95¹⁰, yaani takriban 0.599. Sampuli safi, basi, si ushahidi mzito kwamba shehena haina kasoro.

Kwa mbovu moja tu, 0.05 × 0.95⁹ hutoa 0.0315. Hapa wengi hukosea kwa kuishia hapo. Balbu hiyo yaweza kuwa ya kwanza, ya pili, hadi ya kumi. Kwa hiyo huzidishwa kwa 10, ikawa 0.315. Uwezekano wa kupata mbovu mbili au zaidi ndio unaobaki: 1 − 0.599 − 0.315 = 0.086.

Hesabu hii hudai ubovu wa balbu moja usitegemee wa nyingine. Mashine ikiharibika kwa saa nzima, balbu mbovu hufuatana, na balbu 10 zilizotoka katoni moja hupotosha makadirio.