HESABU YA MADEREVA WANAONGOJA

Tuseme kampuni moja ya mabasi hupeleka basi kutoka Nairobi hadi Nakuru saa 12 asubuhi, na jingine saa 12 jioni. Mabasi ya kutoka Nakuru huondoka saa 5 asubuhi na saa 1 usiku. Kila safari ni ya saa 4. Dereva na kondakta wake wakifika mji wa ugenini hulipwa posho kwa kila saa wanayongoja hata warudi kwao. Mpangaji wa safari ameagizwa kupunguza posho hiyo bila kubadili saa za abiria.

Mpango wa zamani ulionekana mwema. Watu wa Nairobi walifika Nakuru saa 4 asubuhi, wakarudi na basi la saa 5; walingoja saa 1 tu. Lakini safari mbili zilizobaki zilikuwa za watu wa Nakuru. Hao walifika Nairobi saa 5 usiku, wakakaa bure mpaka saa 12 jioni ya siku ya pili, yaani saa 19. Jumla ni saa 20 kila siku.

Mpangaji akachora jedwali: safari za Nairobi upande mmoja, za Nakuru upande wa pili, na katika kila chumba saa chache kabisa za kungoja, iwe wahusika wanakaa mji huu au ule. Mstari wa basi la asubuhi ulikuwa na 1 na 7. Wa basi la jioni, 3 na 19. Katika kila mstari akaondoa idadi iliyo ndogo: zikabaki 0 na 6, kisha 0 na 16. Halafu akafanya vivyo hivyo kwa safu: safu ya pili ikawa 0 na 10. Kuondoa huko hakudhuru neno, maana kila mpango huchukua chumba kimoja tu katika kila mstari na kila safu. Mipango yote hupungua sawasawa.

Sasa sifuri zilionyesha njia. Watu wa Nakuru waondokao saa 5 asubuhi warudi na basi la jioni, wakingoja saa 3. Wenzao wa saa 1 usiku walale Nairobi na kurudi alfajiri, saa 7. Jumla ni saa 10, nusu ya zile za kwanza! Saa 1 ile iliyopendeza ndiyo iliyoleta hasara.

Kwa mabasi 10 kila upande mipango ni 3,628,800, wala hakuna awezaye kuijaribu yote kwa mkono. Njia hii ilielezwa na Harold Kuhn mwaka 1955, naye akaiita ya Kihangari kwa heshima ya Kőnig na Egerváry. Sifuri zisipotosha, kuna hatua nyingine za kuziongeza.

Lakini jedwali halijui usingizi. Mapumziko yakiwa mafupi mno kwa dereva, mpangaji huandika 100 katika chumba hicho, ili hesabu yenyewe ikikatae. Tena watu wote sasa ni wa Nakuru, na gharama ya kuhamisha jamaa za watu wa Nairobi haikuandikwa popote katika jedwali lile.