Bei Zote Zimepanda, Wastani Umeshuka: Namna ya Kuyachambua Mapato kwa Kutumia Oda

Tuchukue kiwanda kidogo cha kusaga na kufungasha sembe. Tarakimu zake nimezitunga ili hesabu iwe rahisi kufuatilia, lakini jambo lenyewe hutokea katika biashara nyingi. Juni kiwanda kiliingiza shilingi 16,000,000, na Septemba 18,480,000. Katikati ya miezi hiyo mwenye kiwanda alipandisha bei ya kila bidhaa, na kilo alizouza zikatoka 10,000 hadi 12,000. Hata hivyo, akigawa mapato kwa kilo, anakuta Juni kila kilo ilimletea shilingi 1,600 na Septemba 1,540 tu. Hakuna bei hata moja iliyoshuka, ila wastani umeshuka kwa shilingi 60.

Maelezo yamo kwenye oda. Kiwanda kinauza viroba vya kilo 25 na mifuko ya kilo 5. Juni viliuzwa viroba 200 kwa shilingi 35,000 kila kimoja, yaani 1,400 kwa kilo, na mifuko 1,000 kwa shilingi 9,000, yaani 1,800 kwa kilo. Septemba viroba vilikuwa 360 kwa shilingi 36,000, na mifuko 600 kwa shilingi 9,200. Kila bidhaa imepanda shilingi 40 kwa kilo, lakini wanunuzi wengi wamehamia kwenye kiroba, ambacho kilo yake ni ya bei nafuu. Kuhama huko ndiko kunakoitwa athari ya mchanganyiko wa bidhaa. Hesabu ya wastani peke yake haiwezi kuitenganisha na athari ya bei, na anayeishia kwenye wastani atamwambia mwenye kiwanda kwamba bei imeshuka, jambo ambalo si kweli.

Ongezeko la kueleza ni shilingi 2,480,000. Tuanze na kiasi, tukijiuliza: kama bei zisingebadilika na wateja wangeendelea kugawana viroba na mifuko kwa uwiano wa Juni, kilo 2,000 za ziada zingeleta nini? Kila kilo ingeleta wastani wa zamani, shilingi 1,600, kwa hiyo athari ya kiasi ni 3,200,000. Kwa mawazo hayo mapato yangefika 19,200,000.

Sasa tuweke uwiano halisi wa Septemba, huku bei tukiziacha za Juni. Kilo 9,000 za viroba kwa 1,400 na kilo 3,000 za mifuko kwa 1,800 zinatoa 18,000,000. Zimepungua 1,200,000 kulinganisha na zile 19,200,000, na upungufu huo ndio athari ya mchanganyiko. Mwisho ni bei: shilingi 40 kwa kilo zote 12,000 ni 480,000. Jumlisha 3,200,000, toa 1,200,000, ongeza 480,000, na unapata 2,480,000 kamili.

Katika hatua ya bei nimetumia kilo za Septemba. Ningetumia za Juni ningepata 400,000, na 80,000 zingebaki bila mwenyewe, kwa sababu ni bei mpya juu ya kilo mpya. Suala hili ni la zamani: wachumi wa Kijerumani Étienne Laspeyres, mwaka 1871, na Hermann Paasche, mwaka 1874, waliweka kanuni mbili za kupima bei, mmoja kwa kiasi cha zamani na mwingine kwa kiasi kipya. Njia zote mbili ni halali. Kosa ni kutumia moja mwezi huu na nyingine mwezi ujao, kisha kulinganisha majibu.

Kwenye Excel hesabu yote inaingia katika mistari mitatu. Safu B ni kilo za Juni, C bei ya kilo ya Juni, D kilo za Septemba na E bei ya kilo ya Septemba. Mstari wa kwanza ni kiasi, wa pili mchanganyiko, wa tatu bei.

```
=(SUM(D2:D3)-SUM(B2:B3))*SUMPRODUCT(B2:B3,C2:C3)/SUM(B2:B3)
=SUMPRODUCT(D2:D3,C2:C3)-SUM(D2:D3)*SUMPRODUCT(B2:B3,C2:C3)/SUM(B2:B3)
=SUMPRODUCT(D2:D3,E2:E3-C2:C3)
```

Hadi hapa tumehesabu kwa kilo. Faili nyingi za oda, hata hivyo, huandika idadi ya vipande, na karani akiichukua safu hiyo kama ilivyo, hadithi inageuka. Juni viliuzwa vipande 1,200, viroba na mifuko pamoja, na Septemba 960. Wastani wa Juni kwa kipande ni kama shilingi 13,333. Vipande vimepungua 240, kwa hiyo athari ya kiasi sasa ni hasara ya 3,200,000, na mchanganyiko unakuwa faida ya 5,200,000, kwa kuwa kiroba kina thamani kubwa kuliko mfuko. Bei inabaki 480,000, na jumla inabaki ileile. Ripoti ya kwanza inasema soko limekua, ya pili inasema wateja wanakimbia, na zote mbili zimetoka kwenye oda zilezile.

Kwa unga sina shaka kwamba kipimo sahihi ni kilo, kwa sababu ndicho anacholipia mlaji na ndicho kinachosagwa kinuni. Kwa kiwanda kinachouza unga pamoja na sabuni, kilo za pamoja hazina maana yoyote. Hapo ni afadhali kila kundi la bidhaa lichambuliwe peke yake. Na kama hilo haliwezekani, kiasi na mchanganyiko vijumlishwe viwe kitu kimoja: hapa vinatoa 2,000,000 kwa vyovyote utakavyopima.

Bei nayo ina mtego wake. Ile ya kutumia ni fedha iliyolipwa kwenye oda ikigawanywa kwa kiasi, si bei iliyobandikwa ukutani. Mteja akichukua viroba 100 akapunguziwa 1,500 kwa kila kimoja, 150,000 hazikuingia, na hesabu ya bei za ukutani haitalingana na mapato halisi. Pengo la namna hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kutafuta. Oda zilizofutwa na mizigo iliyorudishwa nazo ziondolewe kabla ya kuanza.

Bidhaa mpya huharibu hesabu kimyakimya zaidi. Tuseme Septemba kiwanda kilianza kuuza dona, kilo 500 kwa 1,500. Haina bei ya Juni, Excel inaisoma nafasi hiyo tupu kama sifuri, na mauzo yote ya dona, 750,000, yanaingia kwenye athari ya bei. Jumla italingana vizuri, kwa hiyo hakuna kitakachokushtua. Dona iwekwe kwenye mstari wake, nje ya hesabu hizi tatu, na ndivyo ifanywe pia kwa bidhaa iliyoachwa.

Baada ya yote haya bado hatujui kwa nini wateja wamehamia kwenye kiroba. Huenda kupanda kwa bei ndiko kulikowasukuma, na basi sehemu ya zile 1,200,000 ni gharama ya bei mpya ingawa imeandikwa chini ya mchanganyiko. Ili kukaribia jibu, zitenganishe oda kwa mteja: kama wale waliokuwa wakichukua mifuko Juni ndio wanaochukua viroba Septemba, wamehama, kama viroba vimechukuliwa na majina mapya, soko jipya limefunguka na mifuko imepungua kwa sababu nyingine. Wala mapato si faida. Mfuko mdogo una gharama yake ya kufungasha, na bila kuijua gharama hiyo huwezi kusema kuhamia kwenye kiroba kumemuumiza mwenye kiwanda.

Ukiletewa ripoti ya namna hii, kabla hujasoma tarakimu yoyote, muulize aliyeiandaa alihesabu kwa kilo au kwa vipande.