Chai isiyopoa na herufi C

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne nchini Kenya, au wa Kidato cha Tano na cha Sita nchini Tanzania, akifika kwenye mada ya integrali anafundishwa desturi mpya: kila jibu limalizike kwa "+ C". Mwulize C hiyo ni ya nini, na mara nyingi utajibiwa kwamba ukiisahau unakatwa alama. Ni kweli, unakatwa. Ila sababu hiyo peke yake inamfanya mtu aione C kama muhuri wa ofisini, wa kugongwa chini ya karatasi wakati shughuli yenyewe imeshakwisha. Fikra hiyo inamponza baadaye, hata kama haisahau kamwe.

Tuchukue tangi la maji. Bomba limefunguliwa na presha inapanda taratibu, kwa hiyo maji yanaingia kwa kasi inayoongezeka: dakika ya t, kasi ni lita 2t kwa dakika. Dakika ya 5 yanaingia kwa kasi ya lita 10 kwa dakika, na dakika ya 10 kwa kasi ya lita 20 kwa dakika. Swali: baada ya dakika 10, tangi lina lita ngapi?

Kuintegreti ni kufanya kazi ya aina hii. Unapewa kasi ya badiliko, unatafuta kiasi chenyewe. Kasi ikiwa 2t, kiasi kilichoingia ni t², na kwa dakika 10 ni lita 100. Lakini hizo ni lita zilizoingia. Aliyeuliza anataka lita zilizomo, na hilo huwezi kulijibu mpaka uambiwe tangi lilikuwa na nini bomba lilipofunguliwa. Kama lilikuwa tupu, zimo 100. Kama lilikuwa na lita 300, zimo 400. Ndiyo maana tunaandika:

∫ 2t dt = t² + C

C hapa ni maji yaliyokuwamo tangu mwanzo. Ina kipimo chake, lita, na mtu anaweza kuipima kwa kuchungulia ndani ya tangi. Kitu kisichoweza kuipata ni kasi ya bomba, hata ukiifahamu kwa kila sekunde.

Ukigeuza kazi upande wa pili utaona ilikopotelea. Kutofautisha ni kutafuta kasi ya badiliko kutoka kwenye fomula ya kiasi. Tofautisha t², au t² + 300, au t² + 7: jibu ni lilelile, 2t. Namba iliyosimama peke yake haibadiliki, kwa hiyo kasi yake ni sifuri, na inafutika. Kuintegreti ni kurudi nyuma kutoka 2t, na njiani hakuna alama yoyote inayoonyesha kama iliyofutika ilikuwa 300, 7 au sifuri.

Mtu makini atauliza: je, hakuna kingine kilichofutika? Huenda ipo fomula nyingine kabisa, isiyofanana na t², ambayo kasi yake nayo ni 2t. Haipo, na sababu yake ni fupi. Fomula mbili zikiwa na kasi moja kila wakati, tofauti kati yake ina kasi sifuri kila wakati. Kitu chenye kasi sifuri muda wote hakisogei. Kwa hiyo tofauti hiyo ni namba moja tu isiyobadilika, yaani C. Ukichora grafu za majibu yote, utapata mchoro mmoja uliosogezwa juu au chini.

Kuiacha C kunaweza hata kuvunja hesabu yenyewe. Wanafunzi wawili wamepewa ∫ 2(x + 1) dx. Wa kwanza anaona mabano, anayaacha kama yalivyo, na anaandika (x + 1)². Wa pili anafungua mabano kwanza, anapata 2x + 2, na anaandika x² + 2x. Wote wamefuata kanuni sawasawa. Sasa, kama kila mmoja amepata "jibu" la swali moja, basi (x + 1)² ni sawa na x² + 2x. Fungua mabano ya kushoto: x² + 2x + 1 = x² + 2x. Toa yanayofanana pande zote mbili, na inabaki 1 = 0. Mabishano ya namna hii huwafanya wanafunzi wafute kazi iliyo sahihi. Wangeandika C, wangeona kwamba majibu yao ni mamoja, na kwamba C ya mmoja imeizidi ya mwenzake kwa 1. Kwenye integrali za sine na kosine jambo hili hutokea mara kwa mara, na majibu mawili huonekana tofauti kiasi cha kutia wasiwasi. Dawa ni kutoa jibu moja kutoka kwa jingine: ikibaki namba tupu, hakuna aliyekosea.

Hayo yote bado ni ya darasani. Madhara makubwa huja kwenye milinganyo yenye kasi ya badiliko ndani yake, na hapa ndipo yule wa muhuri anapokwama. Chukua kikombe cha chai. Mwaka 1701 Isaac Newton alichapisha, bila kutia jina lake, makala kuhusu joto iliyotupatia kanuni hii: kitu cha moto hupoa kwa kasi inayolingana na jinsi kilivyouzidi ukali wa joto la mazingira yake. Ni kanuni ya kukadiria, lakini kwa kikombe kilichotulia mezani inatosha. Tuseme chumba kina nyuzi 28 na chai imemiminwa ikiwa na nyuzi 88. Baada ya dakika 10 ina nyuzi 68. Tukiita joto la chai T, kanuni inasema:

dT/dt = −k(T − 28)

Herufi k ni namba inayoeleza upesi wa kupoa, nayo hutegemea kikombe chenyewe. Tunahamisha vyote vya T upande mmoja, vya muda upande mwingine, kisha tunaintegreti pande zote mbili. Upande wa T unazaa logi asilia, inayoandikwa ln. Hatua inayofuata ndiyo yenye mtego:

ln(T − 28) = −kt + C

C imeingia hapa, kwenye mstari uleule ambao integrali imefanyika. Sasa tunaondoa ln kwa kutumia namba e, na C, kwa kuwa ilikuwa ndani ya kipeo, inageuka kuwa namba ya kuzidisha: T = 28 + A·e^(−kt), ambapo A ni e^C. Mwanzoni, t ikiwa 0, chai ina 88, kwa hiyo A ni 60. Hizo ndizo nyuzi ambazo chai ilikuwa imekizidi chumba. Baada ya dakika 10 imekizidi kwa 40, yaani theluthi mbili za 60, na kutoka hapo kila dakika 10 ziada hiyo inabaki theluthi mbili ya ilivyokuwa. Dakika ya 20 ziada ni karibu 26.7, na chai ina nyuzi 54.7. Dakika ya 30 ina karibu 45.8. Ukiwa na kipimajoto jikoni unaweza kuijaribu.

Mwanafunzi aliyeiacha C kabisa anapata T = 28 + e^(−kt). Weka t = 0: e^0 ni 1, kwa hiyo chai iliyotoka motoni sasa hivi ina nyuzi 29. Kosa hili angalau linajitangaza lenyewe.

Yule wa muhuri ana hatari zaidi, kwa sababu karatasi yake inapendeza. Anaintegreti bila C, anaondoa ln, anafika T = 28 + e^(−kt), halafu anakumbuka na kuandika "+ C" mwishoni. Anaweka masharti ya mwanzo: 88 = 28 + 1 + C, kwa hiyo C ni 59. Jibu lake ni T = 87 + e^(−kt). Kwenye t = 0 linatoa 88, kama linavyotakiwa, naye anaridhika. Lakini e^(−kt) huanzia 1 na kushuka kuelekea sifuri. Chai yake inapoa kwa nyuzi moja tu, kisha inakaa kwenye 87 hadi kesho kutwa, ndani ya chumba chenye nyuzi 28. Akijaribu kutafuta k kwa kutumia zile nyuzi 68 za dakika ya 10, atapata kwamba e^(−10k) ni −19, na hakuna k inayoweza kufanya hivyo, kwa sababu e iliyopandishwa kwa kipeo chochote kati ya namba za kawaida haiwi hasi.

Njia ya kumkamata mapema ni kurudisha jibu kwenye mlinganyo lilikotoka. Tofautisha T = 87 + e^(−kt): unapata −k·e^(−kt). Upande wa kulia wa mlinganyo, −k(T − 28), unatoa −k(59 + e^(−kt)). Pande mbili hazilingani, na zile 59 zilizozidi ni C yake iliyoingia mahali pasipo pake. Kuangalia sharti la mwanzo pekee hakutoshi, maana aliichagua C kwa makusudi ili sharti hilo litimie.

Jiwe lililorushwa juu lina mtego wa jamaa moja. Mvutano wa dunia unatupa badiliko la kasi, mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kuelekea chini. Ili kufikia kimo cha jiwe tunaintegreti mara mbili, kwa hiyo zinazaliwa konstanti mbili: ya kwanza ni kasi ambayo mkono uliirusha, ya pili ni kimo ambacho mkono ulikuwapo. Fomula ni h = −4.9t² + Ct + D. Anayesubiri mpaka mwisho na kuongeza moja anaandika h = −4.9t² + C, na kwa fomula hiyo jiwe haliendi juu hata kidogo, linaanguka tu kana kwamba limeachiliwa.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mada hiyohiyo ina mahali ambapo C haihitajiki. Integrali yenye mipaka, kama ya kutafuta eneo chini ya grafu, huchukua thamani ya mwisho na kutoa ya mwanzo. C imo kwenye zote mbili, kwa hiyo inajifuta. Kwenye tangi letu, hilo ndilo swali la "zimeingia lita ngapi kati ya dakika ya 4 na ya 10", na jibu ni 100 − 16, yaani lita 84, hata kama tangi lilikuwa tupu au nusu.

Na pana mahali ambapo C moja ni chache. Vitabu huandika ∫ (1/x) dx = ln|x| + C. Lakini 1/x haina thamani x ikiwa sifuri, kwa hiyo grafu yake imekatika vipande viwili. Ile hoja ya kwamba tofauti yenye kasi sifuri haisogei inahitaji njia isiyokatika, na hapa njia imekatika. Kipande cha namba hasi kinaweza kupandishwa kwa 5 na cha namba chanya kuteremshwa kwa 2, na kasi ikabaki 1/x kila mahali ilipo. Jibu kamili lina konstanti mbili, moja kila upande wa sifuri. Vitabu vinaandika moja kwa sababu maswali mengi hukaa upande mmoja tu.