Kiwanja, Mshahara na Shahada ya Dresden

Baba Mkubwa,

Uliniuliza kwa nini niache ajira ya kudumu na kuuza kiwanja ulichonisaidia kukipata, wakati wenzangu wanasoma jioni huku mshahara unaingia. Ni swali la haki, nami nimelipigia hesabu.

Kusoma jioni hapa Dar ni nafuu kweli. Ada niliyotajiwa ni shilingi milioni 8 kwa miaka miwili. Ila mimi ni mtu wa saiti. Masika yakianza napelekwa mikoani, na vipindi vinanipita. Tena ninachokitaka ni elimu ya mafuriko. Kuna kalavati tulilijenga upya mwaka jana: bomba la milimita 900, magogo yaliziba mdomo, maji yakapanda barabarani yakala tuta upande wa chini. Tulirudisha bomba la kipimo kilekile, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kukadiria maji ya bonde lile. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden kinafundisha uhandisi wa maji kwa Kiingereza, na maabara yake ya mito ilianzishwa na Hubert Engels mwaka 1898. Watu husema Ujerumani kusoma ni bure, lakini si kila mahali: chuo cha ufundi cha Munich kinawatoza wageni kama sisi ada tangu 2024. Dresden nitalipa mchango wa muhula tu.

Mzigo ni akaunti ya zuio. Ili nipate viza, niweke yuro 11,904, yaani kama milioni 34 na nusu. Hiyo si ada, Baba. Inabaki pesa yangu, na benki inanirudishia yuro 992 kila mwezi kwa ajili ya chumba, chakula na bima ya afya, ambayo peke yake ni takriban 150. Akiba yangu ni milioni 21, kiwanja kimepata mteja wa 16. Kinachobaki ni nauli na viza.

Mshahara nao, sitapoteza wote. Katika milioni 1.3 ninayopokea, ninayoweka ni laki 4 na nusu. Kwa miaka miwili ni milioni 10.8. Hiyo ndiyo hasara halisi, pamoja na kiwanja kupanda bei mikononi mwa mwingine.

Penye wasiwasi ni mwaka wa pili. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, na kima cha chini sasa ni yuro 13.90 kwa saa. Saa 80 kwa mwezi ni yuro 1,112 kabla ya makato. Inatosha, ila asiyejua Kijerumani huhangaika kupata kazi, ndiyo maana nimeanza kukisoma tangu Januari.

Barua ya kuacha kazi sitaipeleka hadi viza iwe mkononi. Notisi ni siku 28. Kiwanja lakini hakiwezi kusubiri, maana akaunti hutangulia viza. Naomba uje Jumamosi tukutane na mteja kwa mwenyekiti wa mtaa, kwani hati za mauziano ya kwanza unazo wewe.

Mwanao