Namba Tatu za Jicho Moja: Kila Hatua ya Kupima Macho Inapima Nini

Mwanafunzi wa darasa la tano, mwenye umri wa miaka 11, aliletwa na mama yake kliniki ya macho akiwa tayari amevaa miwani. Miwani hiyo ilinunuliwa miezi miwili kabla, baada ya macho yake kupimwa kwa mashine peke yake. Kwa miwani hiyo mtoto alisoma herufi zote za ubaoni, hata mstari mdogo ambao watu wengi wenye macho mazima huufikia. Hata hivyo maumivu ya kichwa yaliyomfanya apelekwe kupimwa hapo awali hayakupungua, bali yaliongezeka, hasa alipokuwa akisoma daftari jioni. Mama aliuliza swali la haki kabisa: iwapo mashine ilimpima na ubao unathibitisha kwamba anaona, kosa liko wapi?

Jibu la swali hilo limo katika kuelewa kwamba ubao wa herufi, mashine na taa ya mpimaji havipimi kitu kimoja. Kila kimoja kinajibu swali lake, na majibu yao yanaweza kutofautiana bila chombo chochote kuwa kibovu.

Ubao wa herufi: jicho linaona kiasi gani

Ubao unaotumika katika kliniki nyingi umetokana na ule uliobuniwa na daktari wa Kiholanzi Herman Snellen mwaka 1862. Mgonjwa hukaa umbali wa mita 6, hufunika jicho moja, kisha husoma kwa jicho lililobaki. Matokeo huandikwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni umbali aliosimama mgonjwa. Ya pili ni umbali ambao jicho la kawaida lingeweza kuusoma mstari huohuo. Kwa hiyo 6/12 maana yake ni kwamba mgonjwa amesoma akiwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida hukisoma likiwa mita 12. Namba hii si kipimo cha miwani, wala haiwezi kugeuzwa moja kwa moja kuwa kipimo cha miwani.

Ubao hupima uwezo wa sehemu ndogo ya katikati ya retina kutofautisha maumbo meusi juu ya weupe. Haupimi uoni wa pembeni, na ndiyo sababu mtu mwenye glakoma iliyokwisha kula sehemu kubwa ya uoni wa pembeni anaweza bado kusoma 6/6. Pia hauelezi kwa nini mgonjwa ameshindwa kusoma mstari fulani.

Mtoto huyu alipovua miwani alisoma 6/12 kwa kila jicho. Ndipo alipowekewa mbele ya jicho kibao cheusi chenye tundu dogo la upana wa takriban milimita moja. Tundu hilo hupitisha miale michache tu ya katikati, ambayo haihitaji kupindwa sana ili ikutane vizuri kwenye retina. Mgonjwa akiona vizuri zaidi kupitia tundu, sehemu kubwa ya tatizo ni ya upindaji wa mwanga, na lenzi zinaweza kusaidia. Asipopata nafuu yoyote, mtoa huduma anapaswa kushuku ugonjwa wa retina, wa mshipa wa fahamu wa jicho, au jicho vivu, na kumpeleka mgonjwa kwa uchunguzi kabla ya kuzungumzia miwani. Mtoto huyu alisoma 6/6 kupitia tundu. Tatizo lilikuwa la mwanga, lakini la aina gani?

Mashine: jicho limekaaje kwa wakati huo

Mashine ya kupima upindaji wa mwanga, ambayo wengi huiita otorifrakta au kompyuta ya macho, hurusha ndani ya jicho mwanga wa infraredi usioonekana, kisha hupima namna mwanga huo unavyorudi kutoka nyuma ya jicho. Ndani ya sekunde chache hutoa karatasi yenye namba tatu kwa kila jicho: `SPH`, yaani nguvu ya lenzi inayohitajika, kwa kipimo kiitwacho dayopta, `CYL`, nguvu ya kurekebisha jicho ambalo halikujipinda sawasawa pande zote, na `AX`, mwelekeo wa marekebisho hayo kwa nyuzi. Alama ya kutoa huonyesha jicho lisiloona mbali, yaani mayopia. Alama ya kujumlisha huonyesha jicho fupi, yaani haipametropia, ambalo picha yake ingeangukia nyuma ya retina.

Tatizo ni kwamba lenzi ya jicho la mtoto si kitu kilichotulia. Msuli mdogo unaoizunguka unaweza kuikaza na kuiongezea nguvu kwa dayopta 10 au zaidi, na huo ndio uwezo unaotuwezesha kusoma karibu. Mtoto anapochungulia ndani ya mashine huona picha, kwa mfano puto angani au nyumba mwishoni mwa barabara. Picha hiyo imetengenezwa ionekane iko mbali, na mashine huififisha kwa makusudi ili msuli ulegee. Lakini mtoto hujua kwamba kifaa kiko mbele ya pua yake, na jicho lake hukaza. Mashine hupima jicho hilo lililokazwa kwa uaminifu kabisa, na kuripoti kwamba mtoto haoni mbali.

Karatasi ya mtoto huyu ilionyesha takriban -1.00 kwa kila jicho, namba iliyofanana na miwani aliyovaa. Ishara ya kwanza ya hatari ilikuwamo katika karatasi yenyewe: vipimo vitatu vya jicho la kulia vilipishana kwa zaidi ya nusu dayopta. Jicho lililotulia halibadiliki hivyo ndani ya dakika moja.

Retinoskopi: jicho limeumbwaje likiwa limelegea

Retinoskopi ni taa ya mkononi yenye tundu ambalo mpimaji huchungulia. Katika chumba chenye mwanga hafifu, mgonjwa hutazama mbali, na mpimaji hupitisha mstari wa mwanga juu ya mboni. Ndani ya mboni huonekana mng'ao mwekundu, uleule unaojitokeza katika picha zilizopigwa kwa mwanga mkali. Mng'ao ukienda upande ule ule wa taa, mpimaji huongeza lenzi za kujumlisha. Ukienda kinyume cha taa, huongeza lenzi za kutoa. Huendelea hivyo hadi mboni nzima ing'ae mara moja bila mwendo wowote. Hapo lenzi iliyoko mbele ya jicho imefikia ukomo wake.

Hesabu moja hubaki. Mpimaji hakai mbali na mgonjwa. Kwa kawaida hukaa takriban sentimita 67, na umbali huo una thamani ya dayopta 1.50 ambazo lazima ziondolewe katika jibu. Anayefanya kazi akiwa sentimita 50 huondoa 2.00. Mpimaji anayesahau hatua hii humpa mgonjwa miwani yenye nguvu isiyo yake.

Katika kipimo cha kwanza cha mtoto huyu, mng'ao haukutulia. Mara ulikwenda na taa, mara kinyume, na mboni ilisinyaa na kupanuka. Hiyo ndiyo sura ya jicho linalokaza na kulegea, na mashine haiwezi kumwonyesha mpimaji jambo hilo kwa uwazi kama huo. Akatiwa matone ya siklopentoleti ya asilimia 1, yakarudiwa baada ya dakika chache, kisha akasubiri kwa dakika 40. Matone haya hulegeza ule msuli kwa muda. Macho yenye rangi nyeusi huchelewa zaidi kuitikia, hivyo kuharakisha kipimo ni kukipoteza. Mzazi alielezwa kwamba mtoto ataona ukungu akisoma na ataumizwa na jua hadi siku inayofuata, na kwamba dawa hii haitumiwi nyumbani.

Baada ya matone, mng'ao ulitulia na kwenda na taa. Ulisimama kwa lenzi ya +4.00. Ukitoa 1.50 ya umbali, jicho linabaki na +2.50. Mtoto aliyevishwa miwani ya asiyeona mbali alikuwa na jicho fupi.

Hapo maumivu ya kichwa yakapata maelezo. Kusoma daftari lililo sentimita 33 kunalitaka jicho la kawaida likaze dayopta 3. Jicho hili, kwa kuwa ni fupi, linahitaji kukaza 5.50. Miwani ya -1.00 ilipandisha mzigo huo hadi 6.50 kila jioni. Msuli uliochoka ulishindwa kulegea hata mtoto alipotazama mbali, na hivyo ubao ukamwonea ukungu wa asiyeona mbali.

Kurudi kwenye herufi: mgonjwa anaweza kuvaa nini

Namba ya retinoskopi haiandikwi moja kwa moja kwenye cheti cha miwani. Hatua ya mwisho humrudisha mgonjwa mbele ya ubao akiwa na fremu ya majaribio, na hapa hupimwa lenzi ambayo jicho lake, likiwa katika hali yake ya kila siku, linaweza kuipokea. Kanuni ni kutoa lenzi ya kujumlisha iliyo kubwa kuliko zote ambayo bado inampa uoni wake bora.

Mtego uko katika swali la kawaida, "Hii au ile, ipi nzuri?" Lenzi ya kutoa hufanya herufi zionekane ndogo na nyeusi zaidi, na mgonjwa kijana huzisifu ingawa hasomi chochote zaidi. Mpimaji makini haongezi lenzi ya kutoa kwa sifa tu. Hutaka mgonjwa asome herufi ambayo awali hakuisoma.

Mtoto huyu alirudi siku nyingine matone yalipokwisha nguvu. Alipokea +1.50 na kusoma 6/9, na ndiyo aliyopewa. Mama alielezwa kwamba herufi za mbali zinaweza kufifia kidogo mwanzoni, hadi msuli uzoee kulegea. Baada ya wiki sita mtoto alisoma 6/6 kwa miwani hiyo, na maumivu ya jioni yalikuwa yamekoma.

Kwa mtoa huduma asiye na retinoskopi wala matone, dalili za kumpa mtoto rufaa ni hizi: mashine inasema haoni mbali lakini analalamikia kusoma karibu, vipimo vya mashine vinapishana, au kichwa kinauma zaidi baada ya kupewa miwani. Mzazi naye ana swali moja la kuuliza kabla ya kulipia miwani ya kwanza ya mtoto wake: je, jicho hili limepimwa likiwa limelegea?